Samaki wa chumvi anatoa jasho, anapiga pinki, ananuka mfupani: tafuta tatizo hapa

Kila masika ikianza meseji ni zilezile. Mtu kakausha nguru wake vizuri kabisa kipindi cha kaskazi, kaweka stoo, mvua ya kwanza tu samaki wamelowa kama wametolewa majini jana. Mwingine anasema wake wamepiga pinki, mwingine kwa nje samaki ni mkavu kama ubao ila ukimvunja karibu na mfupa harufu inakufukuza. Mi nakausha samaki huku Bagamoyo, nimejifunza kwa shangazi yangu, na makosa karibu yote nitakayoyataja hapa nimeyafanya kwa mkono wangu, kwa hiyo nitaenda dalili moja moja na sababu yake.

Kwanza shika kitu kimoja maana bila hicho utakuwa unabahatisha. Bakteria haangalii samaki ana maji kiasi gani, anaangalia maji ambayo yeye anaweza kuyanywa. Chumvi ikiyeyuka ndani ya nyama inayakamata yale maji, bakteria anabaki na kiu katikati ya maji, tena yake mwenyewe yanavutwa kutoka mwilini mwake. Hayo yaliyobaki bila kukamatwa ndo tuite maji huru, na kipimo chake kwenye karatasi za maabara kinaandikwa aw. Maji matupu ni 1, samaki wa leo asubuhi ni kama 0.98 au 0.99 na ndo maana hamalizi siku kabla hajaharibika. Bakteria wengi wa kuozesha wanasimama ukishuka chini ya 0.91, ila yupo mmoja mbishi, stafilokokasi, anayetoka kwenye mikono na pua zetu, huyo anavumilia chumvi mpaka karibu na 0.86, na sumu yake akishaitoa hata uchemshe haiondoki. Kwa hiyo ukishuka chini ya 0.85 bakteria wa kuumiza watu hawazaliani tena, hapo unabaki na kuvu na wapenda chumvi ambao nitawafikia.

Namba ya kuikariri ni 0.75. Maji yaliyoshiba chumvi, yaani yale ambayo ukiongeza chumvi haiyeyuki tena inalala chini, yana maji huru 0.75. Na chumvi hiyohiyo ikiwa nje kwenye hewa, unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 inaanza kuvuta maji kutoka hewani yenyewe. Namba ni ileile kwa sababu jambo ni lilelile, na matatizo karibu yote ya samaki wa chumvi yanarudi hapo.

SAMAKI ANATOA JASHO USIKU AU MVUA IKINYESHA

Mchana yuko safi, asubuhi unamkuta anateleza, chini ya chanja kuna matone. Watu wengi wanadhani samaki anatoa maji ya ndani, kumbe hapana, anavuta ya nje. Usiku huku Pwani unyevu wa hewa unapita 80 kirahisi kabisa, na masika hata mchana hali ni hiyohiyo, sasa chumvi iliyo juu ya ngozi inafanya kazi yake ya kuvuta. Ukimwacha nje usiku kucha asubuhi unaanza upya, yaani jua la saa tatu za kwanza linatumika kukausha maji ya usiku badala ya maji ya samaki.

Tiba yake ni kumwanua mapema, saa kumi hivi kabla hewa haijaanza kupoa, usisubiri magharibi. Ukishamwanua usimfunike akiwa bado ana joto la jua, mwache kivulini apoe kidogo, maana ukimtia kwenye ndoo na joto lake mvuke unapanda unagonga mfuniko unarudi kama matone na matone yale ni maji matupu, aw yake ni 1, pale yanapodondokea ndo kuvu inapoanzia. Akipoa, mlundike samaki juu ya samaki, turubai juu, na uzito.

Kwa wale ambao samaki wao alikuwa amekauka kweli na sasa amelowa stoo, shida ni chombo. Pakacha na kiroba vinapitisha hewa, kipindi cha kaskazi ni sawa, masika si sawa. Masika unataka ndoo yenye mfuniko unaobana au jaba, ijae samaki mpaka juu nafasi ya hewa iwe ndogo. Ila hii ni kwa samaki mkavu tu, ukimfungia ambaye bado ana maji umemtengenezea nyumba ya kuoza. Namna ya kujua kama kweli kakauka nimeiweka huko chini, usiiruke.

NJE MKAVU, MFUPANI ANANUKA

Hili ndo linalonuniza wanunuzi, na ndo lenye sababu mbili zinazofanana kwa macho. Chukua kisu, pasua sehemu nene ya mgongo, angalia nyama. Kama karibu na mfupa ni nyekundunyekundu, laini, na ukilamba ncha ya kisu chumvi ni kidogo, basi chumvi haikufika. Kama chumvi ipo kali ila nyama ina majimaji na nje kuna gamba gumu linalong'aa, basi ulimkausha haraka mno.

Tuanze na chumvi kutofika, maana hapa kuna hesabu ambayo nilikuwa sijui kwa nini shangazi anaisisitiza. Yeye alinifundisha kilo moja ya chumvi kwa kilo tatu za samaki aliyekwisha pasuliwa na kusafishwa. Mi nikaona ni nyingi, chumvi ni hela, nikaweka gramu 300 kwa kilo tatu, nikaona mbona samaki anaonja chumvi kali tu. Sasa piga hesabu. Kilo tatu za samaki zina maji kama kilo 2.3. Maji yanashiba kwa gramu 36 za chumvi kila gramu 100, kwa hiyo maji yale ya samaki yanahitaji kama gramu 830 ili yashibe. Ukiweka kilo nzima yanashiba na inabaki kidogo chini ya beseni, ndo ile shangazi ananiambia "mwanangu, ukiona mawe yamebaki chini ujue imeshiba, yakiisha yote ongeza". Gramu 300 zangu zilikuwa zinanipa aw ya 0.92 hivi, yaani mdomoni ni chumvi kali ila stafilokokasi anaishi humo kwa raha zake. Ulimi hauwezi kukwambia tofauti ya 0.92 na 0.80, yote ni kali tu.

Na hapohapo niseme kuhusu yai. Wengi wanapima maji ya chumvi kwa kutumbukiza yai bichi, likielea wanasema tayari. Yai zima bichi linaelea kwenye chumvi ya asilimia 10 hivi, wakati maji yaliyoshiba yana asilimia 26. Kuelea kwa yai kunakwambia hujafika hata nusu ya safari. Halafu hata kama ulianza na maji yaliyoshiba, ukimtumbukiza samaki anatoa maji yake humo ndani, yanazimuka, kwa hiyo kipimo cha asubuhi jioni hakina maana. Kipimo ni yale mawe ya chumvi chini ya beseni, yawepo siku zote.

Chumvi yenyewe iwe ya mawe kwa sehemu kubwa. Ukitumia laini tupu nyama ya juu inakakamaa upesi, inaziba njia, ya ndani inabaki inasubiri. Mpasue mgongoni afunguke, toa ule mstari wa damu kando ya mfupa wote, suuza mpaka maji yawe meupe, na pale nyama ilipozidi sentimita 2 chanja mistari ya kina. Panga ngozi chini, nyama juu, chumvi kati ya kila safu, safu ya mwisho ngozi juu, halafu uzito ili samaki wote wazame kwenye maji yao wenyewe. Anayechungulia nje ya maji ndo atakayeoza. Unene wa sentimita 2 mpe siku tatu, na awe kivulini, maana chumvi inasafiri taratibu na joto linamsaidia bakteria kushinda mbio kabla chumvi haijafika mfupani. Samaki mkubwa kama papa mkate vipande, usimpeleke mzima ukategemea miujiza.

Upande wa pili, gamba gumu. Hii inatokea kaskazi jua kali upepo mkali, unamtoa kwenye chumvi unamwanika saa sita mchana palepale. Maji ya juu yanaondoka haraka kuliko ya ndani yanavyoweza kupanda, ngozi ya nyama inajifunga, ya ndani yamefungiwa. Mtu anamgonga anasikia ko ko ko anasema kakauka. Mwanike asubuhi, lile jua la adhuhuri la siku ya kwanza mtilie kivuli cha makuti, mgeuze kila saa mbili. Usiku ndo kazi kubwa: mlundike, weka ubao na mawe juu. Uzito unakamua na pia unayapa maji ya ndani muda wa kusogea nje, asubuhi utamkuta juu amelainika tena, usiogope, ndo inavyotakiwa, maji yametoka ndani yamekuja mlangoni. Aliyekwisha jifunga gamba bila harufu unaweza kumwokoa hivyohivyo, mlundike siku moja hadi mbili na uzito kisha jua tena. Aliyekwisha nuka mfupani hakuna cha kuokoa.

AMEPIGA PINKI AU WEKUNDU, ANATELEZA

Wengi wanadhani chumvi ilikuwa kidogo, wanaongeza. Ni kinyume. Hawa ni viumbe wanaopenda chumvi, halobakteria, na wasipopata chumvi nyingi wanakufa. Wanaishi kwenye chumvi yenyewe, ile ya kuanikwa juani. Ukipita kwenye mashamba ya chumvi utaona yale maji yakikaribia kuganda yanapiga rangi ya waridi, ndo haohao. Ukinunua chumvi umewanunua na wao, wanasubiri joto na unyevu tu.

Wenyewe hawajulikani kuwa na sumu, ila wanakula nyama, inalainika, inanuka kama mayai na kabichi iliyooza, na wengine wabaya wanaweza kuwa wamepita njia hiyohiyo. Ikiwa ni rangi tu juu, nyama bado ngumu na harufu ya kawaida, msugue kwa brashi kwenye maji ya chumvi yaliyoshiba mapya, mwanike mpaka akauke sawasawa, mle au mwuze mapema na usimrudishe stoo kwa muda mrefu. Ikiwa kidole kinazama, tupa.

Ila tiba yenyewe ni meza na mabeseni. Na hapa kuna kitu kinachonifurahisha kila nikikifikiria: udhaifu wao ni maji baridi ya kawaida, yale ya bomba. Miili yao imezoea chumvi kali kiasi kwamba ukiwamwagia maji yasiyo na chumvi wanavimba na kupasuka. Kwa hiyo mabeseni, mbao, chanja, suuza kwa maji ya bomba mengi, acha yakae, kisha jua. Mi nilikuwa nasuuza kwa maji ya bahari kuokoa maji, nikawa nawalea mwenyewe miezi na miezi. Na chumvi iliyotumika usiitumie tena kwa samaki wengine, najua inauma, ila ina damu, ina maji, na ina wao.

VIDOADOA VYA KAHAWIA

Kama mtu kanyunyiza ugoro juu ya nyama. Hii ni kuvu, siyo bakteria, na ina uwezo wa kuishi hata pale kwenye 0.75 ambapo wengine karibu wote, ukiacha wale wa pinki, wameshindwa. Haiyeyushi nyama, inakaa juu, ila inaharibu sura na bei. Brashi kavu, jua, halafu angalia stoo yako maana maana yake hewa imekaa na unyevu muda mrefu. Toa samaki sakafuni, weka juu ya mbao, mbali na ukuta. Ukungu wa manyoya, wa kijani au mweusi, ni habari nyingine, huo unaonyesha maji huru yamepanda juu zaidi na kuna kuvu wa aina hiyo wanaoacha sumu, huyo simwuzi wala simli.

Funza na wale wadudu wadogo weusi wa stoo sitakaa sana. Funza ni nzi wa siku ya kwanza kabla chumvi haijamshika, funika kwa chandarua. Wadudu weusi wanakuja kwa samaki mwenye chumvi kidogo. Kupulizia dawa ya mbu juu ya chakula naomba sana tuache.

HANA DALILI YOYOTE LAKINI ALIYEKULA KAWASHWA

Uso unakuwa mwekundu, midomo inawasha, kichwa kinagonga, ndani ya dakika chache mpaka saa moja. Hii ni histamini na inahusu zaidi jodari, vibua, nguru na ndugu zao. Inatengenezwa na bakteria samaki akikaa na joto kabla hujamtia chumvi, labda kakaa kwenye mtumbwi mchana kutwa bila barafu. Chumvi baadaye inawazuia bakteria wasiendelee ila kilichokwisha tengenezwa kinabaki, kukausha hakukiondoi, kukaanga hakukiondoi, na harufu inaweza kuwa nzuri tu. Aliyewashwa apelekwe hospitali, hasa akibanwa kifua. Kwa mkaushaji dawa ni kumwuliza mvuvi katoa nyavu saa ngapi na barafu ilikuwepo, na kama jibu linayumba mwache samaki wake. Kutia chumvi samaki aliyelala ni desturi mbaya tuliyonayo, eti kachoka kidogo tumkaushe. Samaki wa chumvi anatakiwa aanze akiwa mpya kuliko hata wa kukaanga.

SASA UTAJUAJE KAKAUKA KWELI

Mashine ya kupima aw ni ya maabara na bei yake siyo yetu. Ila kuna njia ya mtungi, na inafanya kazi kwa sababu chakula kikifungiwa kwenye chombo kidogo hewa ya mle inatulia kwenye unyevu uleule wa maji huru ya chakula, 0.80 inasoma 80. Unahitaji mtungi wa kioo wenye mfuniko unaobana na kile kipima unyevu kidogo cha dijitali kinachouzwa bei rahisi.

Vipima hivi vinadanganya, kwa hiyo kwanza kipime chenyewe. Weka chumvi kwenye kifuniko cha soda, dondoshea maji kidogo iwe kama mchanga mbichi, isiwe supu, fungia na kipima mle mtungini mpaka kesho yake. Kinatakiwa kisome 75. Changu kilisoma 71, kwa hiyo kila nikipima naongeza 4.

Masika iliyopita nilikuwa na kolekole, kilo 9 baada ya kusafisha. Nikatia chumvi kilo 3, siku tatu, nilipomtoa na kumkung'uta alikuwa kilo 7.6. Jua la kuibia ibia siku tatu, kilo 6.7, kwa kumshika nilikuwa naapa amekauka. Nikachukua nyama ya katikati pale penye unene, nikaikatakata vipande vidogo, nikajaza nusu mtungi, nikaufungia kivulini usiku mzima kipima kisiguse nyama. Asubuhi kinasoma 80, jumlisha 4, ni 84. Yaani nilikuwa nimevuka mstari wa stafilokokasi kwa kidole tu, na kwa kuwa kipima chenyewe kinaweza kukosea pointi mbili tatu sikuwa na uhakika hata wa hilo, na kwa kuvu nilikuwa bado mbali kabisa. Ningemfungia kwenye jaba siku ile wiki ya pili angekuwa na manyoya.

Nikamlundika na uzito, jua, lundika, jua, siku tatu nyingine. Akafika kilo 5.7 na mtungi ukasoma 71, yaani 75, na juu ya nyama vikaanza kuonekana vichembe vyeupe vya chumvi. Hesabu inakubali pia: kilo 9 zina mwili mkavu kama kilo 2, chumvi iliyoingia kama kilo 1, inabaki maji kilo 2.7, na kilo 1 ya chumvi inatosha kushibisha maji kilo 2.8. Maana yake maji yote yaliyobaki mle ndani yameshiba. Huyo nikamfungia.

Kama huna kipima, tumia mizani na kumbukumbu: wa nyama nene aliyetiwa chumvi ya kutosha akishuka mpaka kama asilimia 60 hadi 65 ya uzito wake wa kusafishwa, na siku mbili za jua zikapita hapungui tena, uko karibu. Mizani peke yake inadanganywa na gamba, kwa hiyo pasua mmoja uangalie.

Na ukimtoa stoo ukamloweka kutoa chumvi, ujue unamrudisha kwenye 0.98 kwa mikono yako, kila kilichokuwa kimesimama kinaruhusiwa kuendelea. Mlowekee kwenye friji, au kama huna, badilisha maji kila nusu saa na umpike muda huohuo akishalainika. Nguru aliyelowekwa usiku kucha juu ya meza ya jikoni, nyumba ina joto, asubuhi ni samaki mbichi aliyelala nje.